Roli 24 au 33? Hesabu ya kuzuia maji kwenye paa bapa na besimenti mjini Mpanda

Mwenye jengo mwenye paa bapa la mita 12 kwa 20 hufanya hesabu moja rahisi. Eneo ni mita za mraba 240, roli ya membreni ya lami ina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, kwa hiyo anahitaji roli 24. Fundi anayekubali hesabu hiyo bila kubisha ama hajui kazi yake, ama anajua vizuri sana na ameshaamua atakapobana. Jengo hilohilo likipimwa sawasawa linataka roli 33. Tofauti ya roli tisa ndiyo inayoamua kama dari ya chumba cha juu itakuwa na madoa ifikapo Februari.

Jengo tutakalolitumia humu ni la mfano: ghorofa tatu za biashara katikati ya Mpanda, paa bapa lenye parapeti ya sentimita 60, na besimenti ya mita 12 kwa 10 ya kuhifadhia mali. Bei zote ni za kufanyia hesabu tu, na kila mmoja aweke za duka lake. Vipimo ndivyo vya kushika.

Kwanza tukumbuke mvua yenyewe. Katavi iko katika kundi la mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kila milimita 100 za mvua zikinyesha juu ya paa letu ni lita 24,000. Baada ya hapo jua hulichoma zege kwa miezi bila tone, nalo hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Kwa hiyo membreni ya Mpanda ina kazi mbili zisizofanana: kuvumilia jua nusu mwaka, na kushika maji nusu nyingine.

Kwa sababu hiyo chaguo langu la kwanza ni membreni ya lami iliyochanganywa na plastiki ya aina ya APP, unene wa milimita 4, inayobandikwa kwa moto wa gesi. Ndugu yake wa SBS hunyumbulika zaidi kwenye baridi kali, sifa ambayo Mpanda haina matumizi nayo, wakati APP huvumilia joto vizuri zaidi. Jambo la kuangalia kwa makini ni kitambaa kilichomo ndani. Chenye nyuzi za poliesta hunyumbuka pamoja na zege linapotembea, ilhali cha nyuzi za kioo pekee karibu hakinyumbuki kabisa, na juu ya ufa unaofunguka na kufunga kitakatika. Omba kipande cha sampuli ukichane kwenye pembe: cha poliesta kitakutoa jasho. Tena uamue mapema kama membreni itabaki wazi au itafunikwa kwa vigae. Ikibaki wazi, inunuliwe yenye chenga za mawe juu yake, kwa sababu lami tupu huzeeka upesi juani.

Zipo pia membreni za kupaka, hasa za poliuretani, na zina mahali pake: paa lenye mabomba mengi na kona nyingi ambako roli haiwezi kulala. Shida yake ni kwamba unene unategemea mkono wa mpakaji. Ili upate milimita 1.5 baada ya kukauka, unahitaji kama kilo 2 hadi 2.5 kwa kila mita ya mraba kutegemea bidhaa. Paa letu lingekula kilo 480 kwa uchache, yaani ndoo 24 za kilo 20. Ukimaliza kazi, hesabu ndoo tupu. Zikiwa 15, hakuna haja ya kubishana na mtu kuhusu unene.

Turudi kwenye roli 33. Roli mbili zikilala kando kwa kando hupandiana sentimita 10, na zinapokutana mwisho kwa mwisho hupandiana sentimita 15. Kwa hiyo roli ya mita za mraba 10 hufunika 8.87 tu. Gawanya 240 kwa 8.87 upate 27 na kidogo, ongeza asilimia 5 ya mapande yanayokatwa, na umefika roli 29 kwa sehemu ya bapa peke yake. Zinazobaki nne ni za kupandisha ukutani kuzunguka parapeti. Fundi aliyepewa roli 24 atapunguza mpandiano uwe sentimita 5, au ataishiwa kabla ya kufika ukutani. Dalili ya mpandiano mzuri huonekana kwa macho: lami iliyoyeyuka hutoka kwenye ukingo kama uzi mweusi wa karibu sentimita moja, bila kukatika, urefu wote wa roli. Pale uzi huo unapokosekana, pitisha ncha ya mwiko. Ikiingia, maji nayo yataingia.

Lakini kabla ya membreni kuna mteremko, na hapa ndipo pesa nyingi hujificha. Paa bapa halitakiwi kuwa bapa. Kiwango cha Uingereza BS 6229 kinataka mteremko usiopungua 1 kwa 80 kazi ikishakamilika, na kinamshauri msanifu achore 1 kwa 40 ili makosa ya ujenzi na kulegea kwa slabu visile mteremko wote. Tuseme paa letu lina mgongo katikati, maji yateremke mita 6 kila upande. Kwa 1 kwa 80 mgongo unapanda milimita 75. Kwa 1 kwa 40, milimita 150.

Ukiutengeneza mteremko huo kwa skridi juu ya slabu iliyomwagwa bapa, ukaanza na milimita 40 kwenye matundu ya maji, wastani wa unene ni kama milimita 78 kwa mteremko mdogo na 115 kwa mkubwa. Kwa mita za mraba 240 hiyo ni mita za ujazo 18.6 dhidi ya 27.6. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne ni mifuko kama 140 dhidi ya 207, na uzito ni tani 39 dhidi ya 58. Tani hizo zinakaa juu ya slabu maisha yake yote, na nguzo zinazibeba hadi chini. Ndiyo maana mhandisi mzuri huinamisha slabu yenyewe wakati wa kumwaga zege. Mbao za fomu zikishapangwa kwa mteremko, kazi ya ziada ni ndogo, na skridi inayobaki ni ya kulainisha tu. Ukikuta mchoro wa slabu bapa na mteremko umeandikwa kwa neno moja la skridi, uliza kwa nini slabu yenyewe isiinamishwe, kabla nondo hazijafungwa.

Skridi nayo lazima ikauke. Unyevu uliofungiwa chini ya membreni hugeuka mvuke juani na kuinua malengelenge. Gundisha kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande kwa gundi ya karatasi pembe zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone ndani, ahirisha kazi. Mpanda ina bahati hapa, kwa sababu slabu iliyomwagwa Juni na skridi ya Julai huwa na muda wa kukauka, membreni ikabandikwa Agosti au Septemba, na jaribio la maji likaisha kabla ya mvua za Novemba. Anayeanza Oktoba anabandika membreni juu ya zege bichi huku akiangalia mawingu.

Sasa maungio. Katikati ya paa, membreni ni rahisi na hata fundi wa wastani hufanya vizuri. Maji huingia pembeni: inapokutana na parapeti, inapozunguka bomba, inapozama kwenye tundu la maji. Kwenye parapeti pembe ya mraba huvunja membreni, kwa hiyo hujazwa kwanza kwa mshazari wa sumenti wa milimita 50 kwa 50. Membreni ya ukutani inaanza kwa kulala milimita 200 juu ya bapa, inapita kwenye mshazari, kisha inapanda hadi iwe milimita 150 juu ya uso utakaokanyagwa. Neno la mwisho hilo ndilo linalosahaulika. Vigae na tope lake vikiwa na unene wa milimita 60, membreni lazima ipande 210 kutoka chini, si 150. Jumla ni karibu nusu mita ya upana, hivyo roli ikipasuliwa katikati hutoa mita 20, na mzunguko wa mita 64 unamaliza roli hizo nne pamoja na mipandiano.

Ncha ya juu ndiyo inayotofautisha kazi na kazi. Ikibandikwa tu juu ya plasta, siku plasta ya parapeti itakapopasuka maji yatateremka nyuma ya membreni, na wewe utakuwa unabandika viraka upande usiohusika. Ukuta uchongwe mfereji wa kina cha milimita 25, ncha iingizwe humo, ibanwe kwa bati jembamba na kuzibwa kwa mastiki. Kwa parapeti fupi kama yetu, ukikubali kuongeza roli, ni bora zaidi membreni ipande mpaka juu na kuvuka, chini ya kofia ya zege yenye mchirizi wa kudondoshea maji.

Kisha kuna watu wanaokuja baada ya fundi kuondoka. Stendi ya tangi la plastiki la lita 5,000, miguu ya mashine ya kiyoyozi, mlingoti wa dishi: vyote huletwa na mtu mwenye drili. Vijengewe vitako vya zege kabla ya membreni, membreni ipande juu yake kama inavyopanda parapeti, na bolti ziingie kwenye kitako. Nimeona paa lililogharimu mamilioni likiuawa na bolti nne za dishi.

Tufanye hesabu ya fedha sasa. Nukuu ya kwanza imeandikwa mstari mmoja: mita za mraba 240 kwa Sh 25,000, jumla Sh 6,000,000. Nukuu ya pili imechanganuliwa. Roli 33 kwa Sh 150,000 ni 4,950,000. Praima, kwa lita 0.3 kila mita ya mraba juu ya eneo la 272 pamoja na kuta, ni lita 82, yaani ndoo tano za lita 20 kwa Sh 80,000 kila moja: 400,000. Ufundi wa bapa ni 1,440,000, na ufundi wa mita 64 za parapeti 512,000. Matundu manne ya maji na mabomba mawili, vifaa na ufundi, 420,000. Jaribio la maji 300,000. Jumla ni Sh 8,022,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiongezwa inafika 9,465,960.

Milioni mbili za tofauti kabla ya kodi zinaonekana kubwa mpaka uangalie zimekwenda wapi. Maungio yote, yaani roli nne, ufundi wake, matundu na mabomba, ni Sh 1,532,000: asilimia 19 ya gharama kwa asilimia kama 12 ya eneo. Mstari mmoja wa nukuu ya kwanza unalipa kila mita bei sawa, kwa hiyo fundi anakimbilia katikati na kupunja pembeni. Na paa likivuja baada ya vigae kuwekwa, kuvunja na kuweka vigae upya kwa Sh 35,000 kwa mita ni 8,400,000, kabla hujanunua hata roli moja.

Jaribio la maji halikufikia asilimia 4 ya nukuu, nalo ndilo la kwanza kufutwa mteja akiomba punguzo. Hufanywa kabla ya vigae. Ziba matundu yote, jaza maji, yaache saa 48. Kiwango cha Marekani ASTM D5957 kinaruhusu kati ya saa 24 na 72, kwa kina kisichopungua milimita 25 na kisichozidi kama 100. Saa 24 naziona chache kwa slabu nene, maana maji yaliyopenya huchukua muda kuonekana upande wa pili.

Mtego uko kwenye mteremko. Kwa mteremko wa 1 kwa 80, ukitaka mgongo ufunikwe kwa milimita 25, kwenye matundu kina kitakuwa 100. Wastani ni milimita 62.5, sawa na lita 15,000, yaani boza mbili. Uzito kwenye ukingo wa chini ni kilo 100 kwa mita ya mraba. Slabu iliyokokotolewa kwa watu kupita juu yake, kilo 150, itastahimili. Ile ya kilo 75, isiyo ya kukanyagwa, imezidiwa. Mhandisi aseme ndiyo kwa maandishi kabla bomba halijafunguliwa. Kwa mteremko wa 1 kwa 40 kina cha chini kingefika 175, na hapo hakuna mjadala: paa ligawanywe.

Kugawanya si kazi ngumu. Panga mifuko ya mchanga iliyofungwa kwa nailoni kwa mstari kila mita 2, ili kwa mteremko wa 1 kwa 80 kila ukanda uwe na tofauti ya milimita 25 tu juu na chini. Anza na ukanda wa juu, kisha yafungulie maji yaleyale yateremke kwenye unaofuata. Badala ya lita 15,000 utatumia kama 3,000 pande zote mbili, pamoja na kidogo cha kufidia. Unalipia kwa muda: saa 48 mara tatu. Septemba Mpanda, maji yakiwa ya kununua, biashara hiyo inafaa.

Kusoma matokeo kunahitaji ndoo. Jua la kiangazi hunywa milimita kadhaa kwa siku, na mkandarasi atakuambia maji yote yaliyopungua yamekauka. Weka ndoo ya maji yenye alama juu ya paa lilelile. Ndoo ikishuka milimita 10 na paa 10, hakuna kitu. Ndoo ikishuka 10 na paa 16, zile 6 za ziada juu ya mita 240 ni lita 1,440 zilizokwenda mahali fulani. Ndoo na paa havipati joto sawasawa, kwa hiyo tofauti ya milimita moja au mbili usiigombee. Mwenye neno la mwisho ni uso wa chini wa slabu, ambao usipigwe plasta wala rangi mpaka jaribio liishe. Zunguka na tochi asubuhi na jioni, hasa chini ya matundu na kuzunguka parapeti.

Jaribio hili halisemi lolote juu ya ncha ya ukutani, kwa sababu maji hayafiki huko. Mwagilia parapeti kwa mpira saa nzima, upande kwa upande, ukianzia chini kupanda juu ili ujue tatizo lilianza wapi. Na baada ya kufungulia maji, rudi saa 48 baadaye na chaki. Dimbwi lolote lililobaki lizungushiwe mstari na lirekebishwe, maana hapo vumbi litakusanyika na lami itachoka mapema.

Usisahau matundu ya dharura kwenye parapeti, milimita 50 juu ya uso uliomalizika. Majani ya mwembe yakiziba matundu manne usiku wa mvua, parapeti ya sentimita 60 inaweza kushika zaidi ya tani 130 za maji. Hakuna slabu ya duka iliyochorwa kwa mzigo huo.

Besimenti ni habari nyingine, kwa sababu maji yake yana shinikizo. Kila mita ya kina cha maji ni tani moja kwa mita ya mraba. Kosa la Mpanda ni kuchimba Septemba, kukuta shimo kavu, na kuandika kwamba hakuna maji ardhini. Kwenye udongo mweusi wa mbuga hasa, maji hayapenyi upesi kwenda chini. Shimo ulilolichimba na kulijaza kifusi kilegevu kuzunguka kuta hugeuka bwawa ifikapo Februari. Acha bomba lenye matundu ndani ya shimo la majaribio msimu mzima wa mvua ulipime. Usipoweza kusubiri, kokotoa kama maji yamefika usawa wa ardhi.

Tuseme chini ya jamvi ni mita 3 kwenda chini, na maji yamesimama nusu mita chini ya ardhi. Shinikizo la kuinua ni tani 2.5 kwa kila mita ya mraba, na kwa mita 120 ni tani 300. Jamvi la milimita 300 lina uzito wa tani 86, kuta za milimita 250 kama 71, slabu ya juu 43: jumla tani 200. Besimenti iliyoachwa hapo inaweza kuelea. Jengo la ghorofa tatu likikamilika litaikandamiza, lakini wengi wetu hujenga kidogo kidogo, na fedha huisha palepale usawa wa ardhi mwezi wa Novemba. Ikitokea hivyo, ama pampu ifanye kazi msimu wote, ama jamvi liachiwe bomba la kuruhusu maji yaingie ndani kwa makusudi. Maji ndani ya besimenti tupu yatasafishwa. Jamvi lililopasuka halirudi.

Membreni ya besimenti hubandikwa nje ya ukuta, tabaka mbili, ili maji yaikandamize ukutani badala ya kuibandua, kisha ikingwe kwa ubao kabla ya kujaza kifusi, kwani jiwe moja lenye ncha linatosha kuipasua. BS 8102 inatambua kinga za aina tatu: utando, zege lenyewe lisilopitisha maji, na mfereji wa ndani unaokusanya maji kwenda kwenye pampu. Kwa stoo ya mali ningetaka mbili za kwanza kwa pamoja. Ya tatu inategemea umeme usikatike usiku wa mvua.

Zege hilo lina maadui wawili. Wa kwanza ni ungio la jamvi na ukuta, mita 44 kuzunguka, linalohitaji ukanda wa kuzuia maji uliowekwa kabla ya jamvi kumwagwa, umeshikwa wima na kuungwa kwa joto, si kupandishwa tu. Wa pili ni waya wa kufungia fomu. Fundi akifunga mbao kila sentimita 60 kwenda juu na kando, kuta za mita za mraba 119 zitakuwa na matundu kama 330 yanayopita kutoka nje hadi ndani. Waya huo hupata kutu na kuwa mrija. Vitumike vifungio vyenye kisahani katikati kinachokata njia ya maji, na matundu ya ncha yazibwe kwa sumenti isiyosinyaa.

Besimenti huwezi kuijaribu kwa saa 48. Kuta za ndani zibaki bila plasta msimu mmoja mzima, Novemba hadi Aprili. Kila wiki mtu apite na chaki, aandike tarehe kando ya kila doa la unyevu. Doa lisilokua kwa wiki kadhaa ni jasho la zege; linalokua baada ya kila mvua kubwa ni njia, na njia huzibwa kwa kudungwa dawa kwenye ufa huku ukuta ukiwa wazi. Kwa sababu hiyo mkataba uandikwe kwamba sehemu ya malipo, asilimia 10 kwa mfano, ambayo kwa paa letu ni Sh 802,200 kabla ya kodi, haitoki siku ya kukabidhi. Inatoka Mei, baada ya mvua ya mwisho.